Eafoni Zinaisha Chaji Upesi? Anza na Maiki Inayosikiliza Muda Wote

Ndugu mtazamaji, karibu. Kama eafoni zako za Bluetooth zilikuwa zinakupa saa 5 na siku hizi zinazima baada ya saa 4, usikimbilie kununua nyingine. Leo tunamsaka anayekula chaji, na tunaanza na yule ambaye wengi hawamshuku: msaidizi wa sauti anayekaa macho muda wote akingoja aitwe.

Sogea uone hapa karibu. Eafoni hii moja ina betri ndogo kama kidonge. Betri za aina hii nyingi hubeba takriban mAh 50, ilhali simu nyingi za sasa zina karibu 5000. Sasa piga hesabu. Eafoni ikila mA 10 kwa kucheza muziki, itadumu saa 5. Tuseme maiki iliyo wazi, pamoja na chipu inayochuja kila sauti ikitafuta lile neno la kuamsha, vinaongeza mA 2.5 tu. Saa 5 zimekuwa 4. Mzigo huohuo ukiubebesha simu, hata hutauhisi.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kugusa chochote. Jaza chaji hadi 100 pande zote mbili, weka sauti katikati, cheza muziki saa 2 mfululizo, kisha andika kilichobaki, kulia na kushoto kila moja peke yake. Nasisitiza saa 2 kwa sababu eafoni nyingi huripoti chaji kwa kuruka asilimia 10, kwa hiyo nusu saa itakudanganya.

Zangu zilionyesha hivi: kushoto 60, kulia 50. Tofauti hiyo ndiyo iliyonishtua. Muziki ni uleule na sauti ni ileile, kwa nini kulia iishe mapema? Mara nyingi ni kwa sababu upande mmoja ndio uliopewa kazi ya maiki.

Hatua ya pili, mzime msaidizi. Fungua programu ya eafoni zako na utafute “Voice wake-up”, kama ipo, uizime. Kwenye Android, ingia Settings, andika “Voice Match” kwenye sehemu ya kutafuta, kisha zima “Hey Google”. Kwenye iPhone, ingia sehemu ya Siri ndani ya Settings uzime usikilizaji wa “Hey Siri”. Kwa eafoni nyingi hujampoteza msaidizi wako: ukibonyeza na kushikilia pembeni ya eafoni bado anaitika. Ulichozima ni kule kusikiliza kwa kudumu.

Sasa rudia kipimo, wimbo uleule na sauti ileile. Zangu zilirudi 60 kwa 60. Yaani upande wa kulia, uliokuwa ukielekea saa 4, sasa unaelekea 5.

Ikiwa hukuona mabadiliko, sikiliza kwa makini sauti yenyewe. Je, kuna wakati muziki unafifia, unakuwa kama unatoka kwenye simu ya mezani? Hapo kuna programu imeishika maiki na eafoni zimehamia hali ya kupiga simu. Tazama juu ya skrini: nukta ya kijani kwenye Android 12 na kuendelea, au ya chungwa kwenye iPhone, inamaanisha maiki inatumika. Tafuta programu hiyo uinyime ruhusa ya maiki. Kwenye simu nyingi za Android kuna njia nyingine: bonyeza alama ya gia kando ya jina la eafoni kwenye orodha ya Bluetooth, zima “Phone calls”, uache “Media audio”. Ila ukifanya hivyo, simu zitakazoingia utazipokea kwenye simu yenyewe.

Bado unataka muda zaidi? Zima uzuiaji wa kelele ukiwa mahali patulivu, maana nao unatumia maiki saa zote. Na kwa mazungumzo au mahubiri, mimi huvaa sikio moja tu, la pili likichaji kwenye kikasha, kisha nabadilisha. Kwa maneno matupu hupotezi kitu, na unasikiliza muda mrefu sana.

Mwisho, ukiwa umezima yote haya na upande mmoja bado unawahi kuisha, geuza eafoni hiyo uangalie hivi vidoti vya dhahabu. Nta ya sikio ikiviziba, eafoni haichaji hadi mwisho hata ikikaa kikashani usiku kucha. Futa kwa pamba kavu, upande wa eafoni na ndani ya kikasha, kisha pima tena. Ikiwa imejaa 100 na bado haifiki nusu ya muda wake wa zamani, hapo betri yenyewe imechoka, na hakuna kitufe cha kuirudisha.