Mistari Miwili ya Robo Mwaka Ijayo

Karibuni. Leo nitashughulika na jedwali moja tu la kampeni, tulikokotoe pamoja mpaka mwisho.

Safu A ina namba ya mwezi, safu B wateja watarajiwa waliopatikana, safu C fedha zilizotumika kwenye matangazo. Sarafu mtaiweka nyinyi. Tuna miezi 9. Wateja watarajiwa wa miezi 8 ya kwanza ni 210, 218, 231, 236, 250, 255, 268 na 274. Mwezi wa 9 kulikuwa na ofa maalumu ya mara moja, wakafika 360. Matumizi ya miezi 8 hiyo ni 1,700, 1,790, 1,900, 1,980, 2,110, 2,190, 2,310 na 2,400.

Tunataka kukadiria miezi ya 10, 11 na 12 katika Excel, kwa mstari mnyoofu unaofuata mwenendo wa namba hizi. Kwanza tuamue juu ya ule mwezi wa 9, kwa sababu tarakimu iliyo ncha ya mstari huuvuta kwa nguvu kuliko iliyo katikati. Ukiuacha, mstari unapanda kwa wateja 14.35 kila mwezi na robo nzima inakupa takriban 1,026. Ukiutoa, unapanda kwa 9.33 na robo inakuwa 910. Wateja 116 wa tofauti wametoka kwenye mwezi mmoja, na ofa ile hairudiwi. Tunautoa, kwenye wateja na kwenye matumizi pia. Lakini msibadilishe namba za miezi: mwezi wa 10 unabaki 10. Wengi hufuta safu mlalo ile kisha wakaanza kukadiria kutoka 9, na robo yote inapungua kwa wateja 28 bila mtu kujua kwa nini.

Fomula ni hizi, kwa mwezi wa 10:

```
=FORECAST.LINEAR(10,B2:B9,A2:A9)
=FORECAST.LINEAR(10,C2:C9,A2:A9)
```

Angalieni mpangilio: kwanza mwezi unaoutaka, kisha matokeo, mwisho miezi. Ukigeuza mbili za mwisho, Excel haitalalamika. Itakupa jibu la swali jingine. Ukiona mwezi wa 10 umekuja na namba ndogo ya ajabu, au hasi, anza kukagua hapo.

Wateja wanatoka 294, 303 na 313. Matumizi ni 2,604, 2,705 na 2,806, jumla 8,116. Ukigawanya 8,116 kwa 910 unapata gharama ya 8.92 kwa kila mteja mtarajiwa. Hapo ndipo watu wengi hufunga faili, na mimi nawaomba tusifunge bado.

Mwezi wa 1 gharama hiyo ilikuwa 8.10. Mwezi wa 8 ikawa 8.76. Inapanda, maana yake matumizi yanakua haraka kuliko wateja. Tazameni kasi za mistari yote miwili:

```
=SLOPE(C2:C9,A2:A9)/SLOPE(B2:B9,A2:A9)
```

Kila mwezi matumizi yameongezeka kwa 101.19 na wateja kwa 9.33. Kwa hiyo kila mteja wa ziada ametugharimu 10.84, si 8.92. Sasa mkuu wa idara akisema anaongeza 500 kwenye bajeti ya robo, ukigawanya kwa wastani utamwahidi wateja 56. Jibu linalotokana na mwenendo wenyewe ni 46. Hao 10 wanaokosekana ndio watakaoulizwa mwishoni mwa robo. Na hata 10.84 inafaa kwa nyongeza ndogo tu. Bajeti ikiongezwa maradufu, tunatoka nje ya kiwango tulichowahi kukiona, na mstari hauna ushahidi wowote wa huko.

Kabla ya kupeleka makadirio, yajaribuni kwa miezi mliyo nayo. Chukua miezi 5 ya kwanza, kadiria ya 6, 7 na 8. Mstari unasema jumla ni takriban 805, walikuja 797. Tumezidisha kwa wateja 8, chini ya asilimia 1 hivi. Ni dalili nzuri kwa jedwali hili, lakini ni jaribio moja, kwa hiyo peleka kadirio lenye nafasi juu na chini, si namba moja tupu. Kosa likitoka asilimia 15, tafuta kwanza mwezi wenye tukio la pekee kama ule wa 9, au mwezi uliopakuliwa kabla haujaisha.

Kitu ambacho miezi 8 haiwezi kabisa kuonyesha ni msimu. Kama robo ijayo biashara huwa inapoa kila mwaka, mstari huu utaendelea kupanda tu. Mwenye takwimu za mwaka jana aangalie robo ileile ilisimama wapi dhidi ya robo iliyoitangulia, ndipo aamue kuliacha kadirio au kulishusha.

Mwezi wa 10 ukiisha, ongeza safu mlalo yake, weka 11 kwenye fomula na utumie safu mpya, ukiuruka mwezi wa 9. Hapo lazima unakili miezi ya 1 hadi 8 na wa 10 kwenye safu za pembeni, ili ofa ile isijipenyeze tena kwenye hesabu.