Siku ya 14 Isiyofika: Kuhama kwa Upevushaji wa Yai kwa Wenye Mzunguko Usio wa Kawaida

Mabibi na mabwana, wengi wetu tulifundishwa kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze. Kanuni hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28, lakini kwa wengine hupotosha.

Mzunguko una sehemu mbili. Baada ya yai kutoka, hedhi hufuata kwa kawaida baada ya siku 12 hadi 14, na muda huo haubadiliki sana. Kinachorefuka au kufupika ni sehemu ya kwanza, ambamo vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua hadi kimoja kivitangulie vingine na kutoa estrojeni ya kutosha kuichochea tezi ya pituitari imwage homoni ya LH, inayolifungulia yai. Kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi, vifuko hivyo hudumaa vikiwa vidogo, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, kabla kimoja hakijakua. Matatizo ya tezi ya shingo, kupungua mno uzito na homoni ya maziwa iitwayo prolaktini kuzidi navyo huchelewesha au huzuia kabisa hatua hiyo.

Tuchukue mama ambaye mizunguko yake mitatu ilikuwa ya siku 30, 44 na 37. Tukitoa 14, yai lilitoka takriban siku ya 16, ya 30 na ya 23. Mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 kwenye njia ya uzazi, ilhali yai halizidi saa 24. Kwa hiyo siku za rutuba ni 6 tu, zinazoishia siku yai linapotoka. Wenzi waliokutana siku ya 12 hadi ya 16 peke yake walifaulu kuotea mzunguko wa kwanza, wakaikosa miwili iliyofuata. Isitoshe, siku hizo 111 zilimpa mayai matatu, wakati mwenye mzunguko wa siku 28 angepata karibu manne.

Hesabu hii, bahati mbaya, hufanyika hedhi ikishaingia. Kwa anayetafuta mtoto, kinachotangulia yai kutoka ni ute mwepesi wa ukeni unaovutika kama ute wa yai bichi. Unapoonekana, wakutane kila siku moja au mbili. Vipimo vya mkojo vya LH husaidia, ila kwa mwenye ovari zenye vifuko vingi huenda vikaonyesha ndiyo mara kwa mara bila yai kutoka, maana LH yake huwa juu tangu mwanzo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kupima siku ya 21 projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka. Mama wetu, katika mzunguko wa siku 44, angeambiwa yai halikutoka, ilhali lilikuwa bado siku 9 litoke. Damu yake ilipaswa kuchukuliwa siku ya 37, yaani siku 7 baada ya yai kutoka.