Samansi Ilifika, Ila Kampuni Ilikuwa Imehama

Ndugu zangu, nimelisema hili katika kumbi nyingi, na bado kila mwaka naletewa faili lilelile. Kwa hiyo leo nalisema polepole: ofisi iliyosajiliwa, makao makuu na tawi ni vitu vitatu tofauti.

Kampuni ya kuuza vipuri ilisajiliwa Dar es Salaam. Mhasibu aliyewasaidia usajili aliwaruhusu watumie chumba chake Kariakoo, ghorofa ya kwanza, kiwe ofisi iliyosajiliwa. Kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, zikajazwa kata, mtaa, kitalu na namba ya nyumba, zote za chumba kile. Biashara ikashamiri. Baada ya miaka minne wakajenga Mwanza, wakahamia na wakurugenzi wote, wakatundika bango refu: Makao Makuu. Wakabadilisha vichwa vya barua, wakachapisha kalenda. Kwa BRELA hawakupeleka hata mstari mmoja.

Mhasibu naye akahama. Chumba kikapangwa na fundi cherehani.

Kisha muuzaji mmoja aliyekuwa anawadai akafungua kesi. Wakili wake akachukua taarifa za kampuni kwa Msajili, akaona Kariakoo, samansi ikapelekwa Kariakoo. Fundi akaipokea, akaiweka kwenye droo ya meza yake pamoja na nyuzi, akisubiri wenyewe waje. Nimeiona samansi hiyo kwa macho yangu, imekunjwa mara nne, ina uzi wa bluu umenasa kwenye kona. Tarehe ya kesi ikafika, upande wa wadaiwa hakuna mtu. Hukumu ikatoka ya upande mmoja. Wenye kampuni walikuja kujua siku dalali wa mahakama alipofika Mwanza kukamata lori.

Najua mnachotaka kuniambia, maana nao waliniambia: "Wakili, lakini kila mtu anajua tuko Mwanza!" Kila mtu nani? Sheria inaitaka kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa ili mtu yeyote mwenye barua, notisi au samansi awe na mahali pamoja pa kuipeleka. Kanuni za mashauri ya madai zinaruhusu samansi ya kampuni apewe katibu au mkurugenzi, au iachwe kwenye ofisi iliyosajiliwa. Anayekudai hana wajibu wa kuzunguka nchi akisoma mabango. Tuliomba hukumu itenguliwe, na jambo la kwanza tuliloulizwa ni kwa nini hatukutoa taarifa ya kuhama. Mngejibu nini?

Kwa hiyo shikeni hili: ofisi iliyosajiliwa ni anwani ya kisheria. Inaweza kuwa chumba cha wakili wako, hata kama hakuna bidhaa hata moja inayouzwa pale, mradi yupo mtu anayejua kwamba bahasha yenye jina la kampuni yako inakwenda kwako siku hiyohiyo. Ukihama, wajulishe BRELA. Bango halihamishi kitu.

Makao makuu ni habari nyingine. Hapo tunauliza maamuzi makubwa yanafanyika wapi, na anayeuliza kwa ukali zaidi ni mtu wa kodi. Mwaka 1906, huko Uingereza, iliamuliwa rufaa ya De Beers, kampuni ya almasi. Imesajiliwa Afrika Kusini, migodi iko kule, ofisi kuu iko Kimberley, na mikutano ya wanahisa inafanyika palepale. Lakini wakurugenzi wengi waliishi Uingereza, na maamuzi yenye uzito yalifanywa kwenye vikao vya London. Mabwana wa rufaa wakasema kampuni inakaa pale inapoongozwa, basi ilipe kodi Uingereza. Sheria yetu ya kodi ya mapato nayo haiishii kwenye cheti cha usajili: kampuni ya nje ambayo uongozi wake unaendeshwa kutoka hapa inahesabiwa kuwa mkazi wa hapa. Wenye kampuni za nje na vikao vyenu vya Masaki, mmenisikia.

Muda unaniishia, matawi nitayapitia haraka. Tawi si mtu kisheria. Tawi la Arusha na kampuni ni mwili mmoja. Deni la tawi ni deni la kampuni nzima. Msilichanganye na kampuni tanzu, ambayo ina cheti chake na inasimama peke yake. Leseni ya biashara ya Dar es Salaam haitoshi kufungulia duka la Arusha. Na kwenye mkataba andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, kisha ukipenda utaje kuwa inatenda kupitia tawi lake.

Kaka pale nyuma anauliza kama ni lazima uifuate kampuni hadi Dar es Salaam kuishtaki. Hapana. Ikiwa jambo lenyewe limetokea Arusha na kampuni ina ofisi Arusha, unafungua kesi Arusha. Unayemshtaki ni kampuni, si tawi.