Ukurasa Umevurugika? Jaribu Hivi Kabla ya Kufuta Kache Yote

Shika simu yako tufanye pamoja.

Kivinjari kikifungua tovuti kwa mara ya kwanza hupakua maandishi, picha, fonti na faili za mpangilio, kisha huweka nakala kwenye simu. Nakala hizo ndizo kache. Tuseme ukurasa una megabaiti 3, na 2.8 kati ya hizo ni picha na mpangilio. Ukirudi kesho, huenda ukapakua 0.2 tu. Ukifuta kache, unapakua zote 3 upya, na ndiyo maana tovuti huwa nzito mara tu baada ya kufuta.

Tatizo la ukurasa kuvurugika mara nyingi huanzia kwa mwenye tovuti. Yeye ndiye anayekiambia kivinjari kitunze faili kwa muda gani, na wengi huweka hivi:

```
Cache-Control: max-age=31536000
```

Sekunde hizo ni siku 365. Akibadilisha faili ya mpangilio bila kuibadilisha jina, simu yako huleta ukurasa mpya na kuuvalisha mpangilio wa zamani. Utaona vitufe vimepandana au menyu haifunguki.

Sasa tuhakikishe. Katika Chrome gusa vidoti vitatu, chagua New Incognito tab, ufungue anwani ileile. Dirisha hili halitumii kache yako ya kawaida. Ukurasa ukiwa mbovu hata humu, kasoro huenda iko kwenye tovuti au mtandao, na kufuta kache hakutasaidia. Ukiwa mzima, basi kilichoharibika kimo ndani ya simu yako.

Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza Ctrl+Shift+R. Ukurasa huo peke yake utapakuliwa upya, kache nyingine ibaki. Hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi.

Kwenye simu, rudi kwenye vidoti vitatu, gusa Delete browsing data, kisha More options, chagua All time, na uweke tiki kwenye Cached images and files pekee. Hakikisha umeondoa tiki kwenye Cookies and site data, la sivyo utatolewa kwenye akaunti ulizoingia. Kisha gusa Delete data.

Kama ni programu ya Android inayokwama, nenda Settings, Apps, chagua programu, kisha Storage. Gusa Clear cache. Kuwa mwangalifu sana na kitufe cha jirani, Clear storage au Clear data: hicho hukutoa kwenye akaunti, na hufuta mipangilio na kila kitu ambacho programu imehifadhi ndani ya simu.

Je, nafasi ikijaa? Android yenyewe hupunguza kache za programu nafasi inapokuwa finyu. Ukitaka kuiwahi, tafuta programu moja yenye kache ya mamia ya megabaiti, uifute kache hiyo tu. Itajaa tena ukiendelea kuitumia, na hiyo si hitilafu. Ukiifuta kila siku, kila siku utatumia bando kupakua vitu vilevile.