Jinsi ya kukagua ukweli wa filamu ya kihistoria: onyesho moja la Vita vya Majimaji

Karibu, mtazamaji. Chukua daftari na kalamu, maana video hii utaisimamisha mara kadhaa. Tunakagua onyesho moja la filamu, na tutaangalia mavazi, vitu, maneno na matukio. Filamu yenyewe haipo. Onyesho hili nimeliandika mwenyewe na makosa nimeyapanda humo kwa makusudi, ili tusimshike shati mtayarishaji yeyote wa kweli.

Onyesho liko hivi. Maandishi kwenye skrini yanasema: "Umatumbi, Julai 1905". Wanawake wako kwenye shamba la pamba, na mmoja wao amejifunga khanga yenye methali iliyoandikwa kwa herufi hizi tunazotumia leo. Akida anampa mzee mmoja ujira na kumwambia, "Shika shilingi yako." Mzee anaitazama ile sarafu na kujibu, "Hela hizi hazitoshi hata kodi. Sisi Watanganyika tumechoka na Wajerumani." Hapo wanatokea askari wawili wenye bunduki, wanafyatua risasi mfululizo, watu wanakimbia. Picha inahamia Mahenge. Maelfu ya wapiganaji wanaikabili ngome ya Wajerumani, na mbele yao yupo Kinjeketile Ngwale, ameinua mkono.

Simamisha video. Andika kila unachokitilia shaka, kisha urudi.

Hatua ya kwanza ni kushika mahali na mwaka. Filamu yenyewe imetupa vyote viwili, kwa hiyo tunaipima kwa kauli yake. Ingesema tu "zama za Mjerumani", tungekuwa na nafasi ya karibu miaka thelathini, na makosa mengi yangejificha humo. Juu ya ukurasa andika: Umatumbi, vilima vya nyuma ya Kilwa, Julai 1905. Swali letu kwa kila kitu litakuwa hili: je, kilikuwa kimeshafika hapa kabla ya siku hiyo?

Hatua ya pili, zima sauti. Ndiyo, izime kabisa. Muziki na mazungumzo huyavuta macho usoni mwa mwigizaji, na wewe sasa unataka kuona nguo, mikono na vitu vya nyuma. Kila unachokiona kiandikie dakika na sekunde.

Tuanze na khanga. Nguo yenyewe ilikwisha kuwepo pwani tangu karne ya kumi na tisa, kwa hiyo usiikatae kwa kuiona tu. Tatizo ni maandishi. Khanga za mwanzo hazikuwa na jina, yaani maandishi. Methali na misemo iliongezwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na hapo kwanza iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile ambazo watu wa pwani walizitumia kuandikia Kiswahili. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye. Kwa hiyo khanga yetu ni ya miaka ya mbele. Halafu jiulize swali la pili, ambalo wakaguzi wengi hulisahau: hata kama khanga ilikuwepo mjini, je, mwanamke wa kijijini angeivaa shambani akifanyishwa kazi ya lazima? Nguo za kawaida za bara wakati huo zilikuwa kaniki, ile nyeusi au ya buluu iliyokolea, na merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa. Kitu kinaweza kuwa cha mwaka sahihi na bado kikawa mwilini mwa mtu asiye sahihi. Mavazi yakague kwa mwaka, kisha kwa kazi na hali ya mvaaji.

Sasa askari. Sare yao ya kaki, pamoja na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, iache, iko sawa. Tazama bunduki. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani huku kwetu walibeba Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo huingizwa risasi moja tu kwa wakati, unafyatua, unafungua, unaweka nyingine. Isitoshe ilitumia baruti nyeusi, ambayo kila mlio mmoja huacha wingu zito la moshi mweupe. Kwenye onyesho letu risasi zinatoka mfululizo na hewa ni safi kabisa. Hilo ni kosa ambalo jicho likishalizoea hulikamata papo hapo, na kwangu ni kubwa kuliko khanga. Moshi ule ulimficha mpigaji na ulimwonyesha adui alipo, na muda wa kuingiza risasi ulimpa mwenye mkuki nafasi ya kusogea. Ukiuondoa, mtazamaji hataelewa kwa nini watu wenye mikuki na magobore waliweza kuwakaribia askari. Kitu kilichobadilisha hesabu hiyo ni bunduki ya Maxim, iliyotapika risasi bila kupumzika. Mahenge zilikuwepo, lakini huwekwa juu ya kigari au miguu, hazishikwi mkononi na watu wawili wanaotembea shambani.

Hatua ya tatu, washa sauti na ufumbe macho. Sikiliza maneno peke yake.

Kwanza tuondoe kitu kisicho kosa. Wakazi wa huko walizungumza Kimatumbi nyumbani, na onyesho lote ni la Kiswahili. Hayo ni makubaliano ya sanaa, kama vile filamu ya Warumi isivyolazimika kuwa ya Kilatini. Usiandike. Tunachotafuta ni neno linalobeba habari ambayo mzungumzaji hangeweza kuwa nayo.

"Shilingi" ni neno la aina hiyo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, Waingereza wakiwa wameshaishika nchi. Mwaka 1905 fedha ilikuwa rupia. Na "hela" je? Najua wengi mmeipigia mstari, kwa kuwa inasikika kama neno la mtaani la leo. Ifute kwenye daftari. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller mia moja badala ya pesa sitini na nne za awali, na ndiyo asili ya neno hilo. Mzee wetu angeweza kabisa kuwa na heller mkononi, ingawa ilikuwa sarafu mpya. Hii ndiyo sababu nakuomba usiandike kosa lolote kabla ya kutafuta tarehe. Masikio yetu hudanganya pande zote mbili: linalosikika la zamani huwa jipya, na linalosikika jipya huwa la zamani.

"Watanganyika" haina mjadala. Tanganyika lilikuwa jina la ziwa. Liliwekwa kuwa jina la nchi mwaka 1920, chini ya Waingereza. Na hapa kosa limepita neno, limeingia kwenye fikra. Mzee wa 1905 anayesema "sisi Watanganyika" anapewa utaifa ambao ulikuja kujengwa miaka mingi baadaye. Yeye angesema sisi watu wa Matumbi, au sisi watu weusi, au angetaja ukoo na jumbe wake. "Wajerumani" nayo ina walakini mdogo. Jina lililozoeleka wakati huo lilikuwa Wadachi, na ndilo lililomo kwenye utenzi wa Hemedi bin Abdallah kuhusu vita vya Mrima vya 1888 na 1889. Mimi ningeliacha, maana mtazamaji wa leo akisikia Wadachi atafikiria Uholanzi.

Kwa kukagua maneno, shika kamusi za enzi hizo: ya Krapf ya 1882 na ya Madan ya 1903. Neno likiwemo, una uhakika. Lisipokuwemo, bado huna kosa, kwani zote mbili ziliegemea Kiswahili cha pwani.

Hatua ya nne ni matukio, na hapa nataka tukae zaidi.

Chora mstari kwenye ukurasa mpya, uweke tarehe zisizobishaniwa. Mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo watu walilazimishwa kuyalima, yalianza 1902 chini ya Gavana von Götzen. Julai 1905, watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa mipamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge.

Umeona? Mtu aliyenyongwa tarehe nne hawezi kuongoza shambulio la tarehe thelathini. Hata angekuwa hai, Mahenge iko mbali sana bara, na walioshambulia walikuwa hasa Wapogoro na Wambunga.

Naelewa mwandishi alitaka nini. Alitaka shujaa mmoja na vita kimoja kikubwa katika fremu moja. Ila tazama amepoteza nini. Dawa ilibebwa na wajumbe walioitwa hongo, kutoka kabila hadi kabila, na iliendelea kusambaa baada ya mwanzilishi wake kufa. Ilifika hadi Ungoni, ambako Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwanzoni mwa 1906. Filamu inayomfufua Kinjeketile inageuza vita visivyo na amiri mmoja kuwa jeshi la mtu mmoja. Khanga utaibadilisha kwa kubadilisha nguo. Kosa hili linataka hadithi iandikwe upya.

Kuhusu vyanzo, vipe kazi tofauti. Tarehe na mahali pa mapigano, taarifa za Kijerumani kwa kawaida ni nzuri, kwa sababu maofisa waliandika ripoti muda mfupi baadaye. Sababu za watu kupigana usimwulize gavana, anajitetea. Hapo nenda kwa simulizi za wazee zilizokusanywa mwaka 1968 na watafiti na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wazee nao wanaweza kuchanganya tarehe, ila ndio waliokumbuka viboko vya shamba la pamba.

Kagua pia kisichoonyeshwa. Vita hivi viliua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, kwani jeshi lilichoma vijiji, akiba na mazao kwa makusudi. Filamu ikiishia kwenye risasi za Maxim, kila fremu inaweza kuwa sahihi na hesabu ya waliokufa ikabaki ya uongo. Hili liandike hata kama halina dakika wala sekunde.

Mwisho, panga daftari. Kila kosa lipe mstari wenye wakati, kinachoonekana au kusikika, ushahidi wako, na uzito: dogo, la kati, kubwa. Kosa la mwisho la onyesho letu lisomeke hivi: "Dakika 1:52. Kinjeketile yuko Mahenge. Alinyongwa Mohoro 4/8/1905, shambulio 30/8/1905. Kubwa. Pendekezo: mwondoe, weka hongo anayenyunyiza maji."