Kuikagua futari kwenye picha

Assalaam alaykum, na habari za mchana kwa wote.

Tazameni picha iliyo ukutani. Ni sinia la futari la watu wanne, na limepigwa picha kutoka juu. Kuna bakuli kubwa la mihogo ya nazi, sahani ya tambi za sukari, kaimati, sambusa kumi na mbili, vikombe vinne vya uji, tende, na jagi la juisi ya ukwaju. Tuichukulie kwamba imeletwa na mama wa nyumbani hapa Dodoma anayetaka kujua kama futari yake iko sawa.

Kabla ya kuangalia chakula, tafuteni maji. Hayapo. Juisi ipo, uji upo, lakini glasi ya maji matupu haionekani, na hapa kwetu hilo ni pungufu kubwa. Jasho la Dodoma hukauka kwa upepo kabla hujaliona, kwa hiyo mtu hufika Magharibi akidhani hakupoteza maji mengi. Kisha anakunywa lita nzima kwa pupa. Tumbo linajaa, chakula hakiliki, na sehemu kubwa ya maji yale inatoka kwa mkojo muda mfupi baadaye. Afadhali glasi mbili wakati wa kufuturu, moja kila saa mpaka kulala, na mbili wakati wa daku. Ukilala saa tano, hizo ni kama glasi nane. Mkojo wa asubuhi ukiwa na rangi nzito, ujue hayakutosha.

Sasa jagi. Ni la lita mbili, yaani glasi nane za mililita 250. Rangi ya ukwaju haitakuonyesha sukari, hivyo lazima umuulize mpishi. Tuseme alitia kikombe kimoja cha sukari, ambacho ni takriban gramu 200. Kila glasi inabeba gramu 25, karibu sawa na soda. Anayekunywa mbili amefikia gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi hapo kwa siku nzima kwa mtu mzima wa kawaida. Bado hajagusa tambi wala kaimati.

Hapo ndipo nguvu ya jioni inapoharibika. Sukari nyingi kwa mpigo, tena kwenye tumbo tupu, hupanda haraka katika damu na mwili huitoa haraka vilevile. Mtu anasinzia kwenye Tarawehe, na saa nne usiku njaa imerudi. Tende tatu na maji hazina shida hiyo, maana ni kiasi kidogo. Mtu akisali Magharibi kwanza kisha akarudi kwenye sinia, atakula kwa utulivu zaidi.

Angalieni tena: mihogo, tambi, kaimati, uji, hata ganda la sambusa, vyote ni wanga. Macho yanaona vyakula vitano, mwili unapata kimoja. Mimi ningebakiza uji na mihogo, tambi zikasubiri siku nyingine, na juisi ikatiwa nusu ya sukari ile. Sambusa ya kukaanga iwe moja kwa mtu, kwa sababu mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni na huleta kiungulia ukilala mapema. Nafasi iliyobaki ijazwe maharage, nusu kikombe kwa kila mtu, au kipande cha samaki, pamoja na mchicha au mlenda. Hivyo ndivyo vinavyopunguza kasi ya wanga kuingia katika damu.

Lakini msimhukumu mpishi upesi. Huenda samaki wamezama chini ya tui. Picha ya juu haionyeshi kina cha bakuli wala kilichomo ndani, kwa hiyo ombeni nyingine ya ubavuni, yenye kijiko cha mezani kando ili ukubwa ujulikane. Bora zaidi ni picha ya sahani ya mlaji mmoja baada ya kupakua, maana sinia halisemi nani alikula mara mbili. Kwa mihogo, vipande ambavyo kwa jumla vina ukubwa wa ngumi moja ni mwanzo mzuri. Anayelima au kubeba mizigo mchana atahitaji zaidi.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, picha haitoshi kabisa. Anahitaji kupima sukari ya damu, na ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue hapohapo, hata kama jua halijazama. Mwenye ugonjwa wa figo naye asifuate hesabu yangu ya glasi nane. Kiasi chake cha maji apangiwe na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.