Puti Zikiongezeka, Nani Ameogopa?

Jioni njema, na asanteni kwa kuja. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kusoma namba mbili za soko la opsheni za bitikoini, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza sarafu hiyo: uwiano wa puti kwa koli, na kiasi cha kuyumba kwa bei kilichomo ndani ya ada ya mikataba hiyo.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alhamisi usiku nilikuwa nimetazama uwiano wa puti kwa koli nikakuta 0.55, yaani kwa kila koli mia kulikuwa na puti hamsini na tano. Ijumaa mchana nikatazama tena: 0.80. Mnajua puti ni haki ya kuuza kwa bei mliyokubaliana, na koli ni haki ya kununua. Nikajiambia, watu wameogopa, wanakimbilia bima. Nikauza sarafu zangu. Bei haikwenda popote.

Baadaye nilikaa nikahesabu. Namba nimezizungusha ili zifuatike. Alhamisi kulikuwa na koli 120,000 zilizo wazi, yaani ambazo bado hazijafungwa wala kuisha, na puti 66,000. Gawanya, unapata 0.55. Sasa, kwenye soko la Deribiti, ambalo kwa miaka mingi ndilo limebeba sehemu kubwa ya opsheni hizi, mikataba huisha saa 08:00 UTC, na ile mikubwa ya mwezi huisha Ijumaa ya mwisho. Asubuhi ile ziliisha koli 50,000 na puti 10,000. Zikabaki koli 70,000 na puti 56,000. Gawanya tena: 0.80. Hakuna mtu hata mmoja aliyehitaji kununua puti ili namba ile ipande. Koli za watu waliokuwa wakingoja bei ipae zilikufa kwa kufika tarehe, basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya siku hizi ni kutoangalia jumla. Naangalia uwiano wa tarehe moja ya kuisha. Kila mkataba una jina linaloeleza lenyewe, kwa mfano

```
BTC-27MAR26-60000-P
```

Hiyo ni puti ya bitikoini, inaisha tarehe 27 Machi 2026, bei ya makubaliano dola 60,000. Ukikusanya mikataba ya tarehe hiyo peke yake, kuisha kwa mikataba ya tarehe nyingine hakukugusi.

Ila hata hapo hujamaliza, na hapa ndipo penye utamu. Kila mkataba una watu wawili, aliyenunua na aliyeuza. Uwiano unahesabu mkataba, hauhesabu ni nani aliyebisha hodi. Chukua mtu mwenye dola zake mkononi, anayetamani kununua bitikoini ikishuka hadi 50,000. Anauza puti ya 50,000, anapokea ada, anasubiri. Ikishuka chini ya hapo, ananunua kwa bei aliyoitaka. Isiposhuka, ada imebaki mfukoni. Huyo hana hofu yoyote, lakini puti yake imeingia kwenye hesabu sawasawa na ya mtu anayetetemeka. Vivyo hivyo mwenye sarafu anayeuza koli ili ale ada: ameongeza koli sokoni, na wala haamini kwamba bei itapaa.

Tutawatenganishaje? Kwa bei wanayolipana. Na hapo inaingia namba ya pili, ile inayoandikwa IV kwenye skrini: kiasi cha kuyumba kwa bei ambacho kimefichwa ndani ya ada ya opsheni. Mambo mengine yote yanayopanga ada yanajulikana: bei ya sasa, bei ya makubaliano, siku zilizobaki. Kisichojulikana ni bei itayumba kiasi gani. Basi tunachukua ada iliyolipwa, tunarudi nyuma kwenye hesabu, tunauliza: aliyelipa hivi amekisia kuyumba kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

Asilimia ya mwaka haishikiki mkononi, kwa hiyo ishusheni iwe ya siku. Soko hili halilali, wikendi nalo liko kazini, ndiyo maana tunatumia siku zote za mwaka:

```
57 / √365 ≈ 3
```

IV ya 57 inamaanisha soko limetoza bima kana kwamba bei itaondoka kwa asilimia 3 hivi kwa siku ya kawaida, juu au chini. Bitikoini ikiwa 60,000, hiyo ni dola 1,800. Nimesema “limetoza”, sikusema “limetabiri”. Muuza bima hutaka faida yake, na mara nyingi IV huwa juu kidogo ya kuyumba kunakokuja kutokea.

Turudi kwa watu wetu. Bei imesimama pale pale 60,000 kutwa nzima. Puti za 55,000 za mwezi ujao zimeongezeka mikataba 3,000. Kama IV yake imetoka 57 ikafika 63, wanunuzi ndio waliosukuma. Wamekubali kulipa zaidi ili wapate kinga. Kama imeshuka hadi 52, wauzaji ndio walioleta, na ongezeko lile la puti ni la watu waliotulia.

Dada mmoja hapo mbele ananiuliza: je, kama IV imepanda kwa sababu watu wananunua koli? Swali zuri sana, kwa sababu koli na puti za bei moja na tarehe moja hubeba IV ileile au karibu sana. Zikiachana, yupo mtu atakayenunua moja na kuuza nyingine hadi zikutane. Kwa hiyo IV ikipanda peke yake haikuelezi upande.

Mifano miwili ya mwaka 2024. Tarehe 5 Machi bitikoini ilivuka dola 69,000, rekodi mpya, kisha ikaporomoka hadi karibu 59,000 siku hiyohiyo. Wiki za kuelekea hapo, IV ilikuwa ikipanda pamoja na bei, watu wakigombea koli. Tarehe 5 Agosti masoko ya dunia yalitikisika, bitikoini ikashuka chini ya 50,000, na IV ikaruka tena. Kipimo kilekile kilipanda, mara moja kwa tamaa, mara ya pili kwa hofu. Waliozoea soko la hisa, ambako kipimo hiki hupanda zaidi bei zinapoanguka, huteleza hapa.

Dawa yake ni kulinganisha pande mbili zilizo mbali na bei kwa umbali ulio sawa. Weka puti ya 55,000 kando ya koli ya 65,000, tarehe moja. Puti ikiwa na IV ya 63 na koli 56, kinga ya kushuka ndiyo ghali. Ikigeuka, koli 63 na puti 56, watu wanalipia kupaa, hata kama uwiano wa puti unasema vingine.

Na bado kuna siku inanishinda. Mtu mmoja mkubwa ananunua puti 2,000 za 55,000 na kuuza 2,000 za 45,000 kwa mpigo mmoja, ili apunguze gharama ya kinga yake. Hesabu inaona puti 4,000. Kilichopo ni wazo moja, tena la hofu yenye mpaka. Hapo nafungua orodha ya miamala na kutafuta mikataba miwili ya tarehe moja, kiasi sawa, sekunde ileile. Nikiiona imeongozana hivyo, naihesabu kuwa moja, kisha nauliza upya ada yake imelipwa kwa IV gani.